Tikiti lilikatwa asubuhi na limekaa wazi kwenye joto: ule au utupe?

Kila joto likipanda hapa Moshi swali ni lile lile. Mtu anakuta sinia la tikiti mezani, limekatwa tangu asubuhi, halijafunikwa, limeanza kuchuruza maji, nzi wawili watatu wanazunguka, anachukua kipande ananusa, anasema mbona halinuki, halafu ananipigia simu. Wananipigia mimi kwa sababu nauza matunda ya kukata mjini, na kabla ya hapo nilikaa miaka minne jikoni kwenye hoteli moja ya watalii Arusha, kazi yangu kukata matunda ya wageni kuanzia saa 11 alfajiri. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeandika yote hapa.

Naongelea tikiti maji, na yale matikiti madogo ya ganda la kukwaruza lenye kama wavu juu, nyama yake rangi ya chungwa, wengi tunaita meloni. Siongelei nanasi wala chungwa wala pasheni, hayo yana ukali wake na ule ukali unawazuia bakteria wengi. Tikiti halina ukali, ni maji zaidi ya asilimia 90 na sukari juu, yaani ukishalikata ni kama umewaandalia bakteria uji wa vuguvugu. Likiwa zima na ganda lake halina shida, linakaa hata wiki kwenye kona ya jiko. Shida inaanza pale kisu kinapopita kwenye ganda kikaingia ndani, kwa sababu kinabeba kile kilichokuwa juu ya ganda, na tikiti lilikuwa limelala chini shambani, likapakiwa kwenye fuso, likashushwa kwa mikono ya watu kumi, likalala tena chini sokoni. Nadharia imeishia hapo.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Saa ambayo tikiti lilikatwa. Hiki ndicho kitu cha kwanza, bila hicho mengine yote ni kubahatisha.
- Kujua lilikaa wapi: ndani kwenye kivuli, chini ya turubai, kwenye gari, kibanda cha bati, au juani kabisa.
- Kujua nani anataka kulila. Mtu mzima mwenye afya ni tofauti na mtoto wa mwaka mmoja.
- Friji inayofanya kazi kweli, siyo ile ambayo kazi yake imebaki kuwa kabati.
- Kama una kipimajoto cha chumba ni vizuri, kama huna tutatumia akili.

Hatua kwa hatua

1. Weka kipande chini, usionje.

Najua mkono umeshafika. Lakini kuonja "kidogo tu niangalie kama limeharibika" hakukuambii kitu, kwa sababu bakteria wanaoangusha watu hawabadilishi ladha. Wale wanaofanya tikiti linuke kama pombe na liwe na utelezi ni wengine kabisa, wale wanaharibu chakula na mara nyingi hata hawakuumizi sana. Bakteria anayeitwa salmonela anaweza kuwepo maelfu kwenye kipande kimoja na kipande kikawa chekundu, kitamu, kinanukia tikiti kama kawaida. Kwa hiyo pua na ulimi tutazitumia baadaye, na kwa kazi moja tu.

2. Tafuta saa ambayo kisu kiliingia.

Siyo saa lilipoletwa mezani, wala saa wageni walipofika. Kisu. Muulize aliyekata, na usimuulize "ni muda mrefu?" maana atakujibu "aah, siyo sana". Muulize kwa vitu anavyokumbuka: ulikata kabla au baada ya ibada ya pili, kabla ya adhana ya adhuhuri au baada, watoto walikuwa wamesharudi shule? Hapo utapata jibu linaloeleweka.

Halafu jumlisha vipande vyote vya muda. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Chukua mfano wa mwezi wa Ramadhani: mama kakata tikiti saa 10 jioni ili akiwahi futari asihangaike, limekaa mezani mpaka saa 12 na nusu watu wanafuturu, likabaki nusu sinia, likawekwa friji, likatolewa tena saa 3 usiku watu waliporudi tarawehe, likakaa nje mpaka saa 4. Mwenye nyumba anasema limekaa nje saa moja tu. Hapana, lilishakaa masaa mawili na nusu kabla hata ya futari, ongeza lile la usiku ni masaa matatu na nusu. Friji haifuti muda uliopita, inasimamisha tu saa, ukitoa inaendelea pale ilipoishia.

Hakuna anayejua lilikatwa saa ngapi? Basi hesabu kwamba limepitiliza, nenda hatua ya 8.

3. Angalia joto la pale lilipokaa.

Mstari wa kukumbuka ni nyuzi 32. Chini ya hapo ni joto la kawaida la ndani, kuanzia hapo na kuendelea saa inakimbia mara mbili.

Moshi tuko chini, Januari mpaka Machi mwanzoni mchana 32 au 33 ni kawaida, na hiyo ni ya kivulini. Arusha wako juu zaidi, Julai ndani ya nyumba unaweza kukuta nyuzi 20 au hata chini, watu wamevaa masweta. Kwa hiyo ndugu yangu wa Sakina anayeniambia "sisi tunaachaga mpaka jioni na hatuumwi", anaongelea nyumba ya baridi, asimfundishe dada yake wa Majengo, Moshi.

Ila usidanganywe na kivuli. Chini ya turubai la sherehe saa 8 mchana joto linapita la nje, weka mkono juu ya meza uone. Ndani ya gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Kibanda cha bati hivyo hivyo. Kama hapo mahali wewe mwenyewe unatokwa jasho umekaa tu hujafanya kazi yoyote, ichukulie ni juu ya 32.

4. Sasa toa hukumu.

Ndani, kivulini, chini ya nyuzi 32:

Haijafika masaa mawili, kula au weka friji, hamna shida. Ikipita masaa mawili, kwa nyumbani nasema tupa, na ndivyo miongozo mingi ya chakula inavyosema kwa matunda yaliyokatwa. Ziko jikoni za biashara zinazoruhusu mpaka masaa manne, lakini kwa sharti kwamba kinacholiwa kinaliwa pale pale na kinachobaki kinaenda kwenye ndoo, hakirudi friji. Na hizo ni jikoni ambazo tikiti lilioshwa, kisu kilikuwa safi, ubao haukukatiwa nyama, na kuna stika imeandikwa saa. Hotelini tulikuwa tunabandika stika kwenye kila trei, stika ikipotea trei inamwagwa, hakuna mjadala, hata kama ulikata dakika ishirini zilizopita na mikono bado imelowa. Nyumbani kwako sharti hizo zipo? Mimi kwangu zipo na bado nikipita masaa mawili silili.

Juani, turubaini, kwenye gari, au popote kwenye 32 na zaidi: saa moja tu. Baada ya hapo tupa.

Ikipita masaa manne, popote, joto lolote la kawaida la nyumba, hakuna mjadala, hata kama lilifunikwa.

Sasa kwa nini masaa machache hivyo yalete tofauti? Kwenye joto la 30 na kitu salmonela anaweza kujigawa mara mbili kila nusu saa hivi, baada ya muda kidogo mwanzoni wa kuzoea. Tuseme kisu kimeingiza 10. Nusu saa 20, saa moja 40, masaa mawili 160, bado ni wachache. Masaa manne zaidi ya 2,500. Masaa sita elfu 40. Tikiti ni lile lile, sinia lile lile, ladha ile ile.

5. Angalia nani anakula.

Hata likiwa ndani ya muda, kuna watu siwapi tikiti lililokaa nje wazi: mtoto chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee, na mtu ambaye kinga yake iko chini, iwe ni kisukari, dawa za saratani, au ugonjwa mwingine wa muda mrefu. Hawa wakate kipande kipya kutoka kwenye tikiti zima, wale pale pale.

Kwa mjamzito niongeze neno. Kuna bakteria anaitwa listeria, huyu anakua hata ndani ya friji, polepole lakini anakua, na mjamzito akimpata anaweza kupoteza mimba wakati yeye mwenyewe alihisi homa kidogo tu. Mwaka 2011 Marekani meloni za shamba moja zilikuwa na listeria, watu 33 walikufa. Meloni ndiyo mbaya zaidi kuliko tikiti maji kwa sababu lile ganda la wavu lina vijishimo, uchafu unajificha humo na maji ya kumwagia juu juu hayautoi.

6. Sasa tumia macho na pua, lakini kwa kutupa tu.

Kama muda uko sawa, angalia. Likiwa na utelezi, povu dogo dogo, harufu ya chachu kama mbege changa, nyama imekuwa laini inamwagika, au umeona nzi wametulia juu yake siyo kupita, tupa hata kama ni dakika arobaini. Nzi simchukulii kama utani, alikotoka kabla ya hapo unakujua. Ndiyo sababu kipindupindu kikiingia mji wowote maafisa afya wanaanza na sisi wauza matunda ya kukata, na wana haki.

Lakini kinyume chake hakipo. Halina utelezi, halinuki, rangi nzuri, hiyo haimaanishi ni salama. Pua ina ruhusa ya kufukuza, haina ruhusa ya kukaribisha.

7. Umeamua linafaa: kula, au hifadhi hivi.

Linaloliwa, liliwe sasa. Linalobaki liingie friji kabla muda haujaisha, kwenye chombo kipana lipangwe safu moja au mbili, siyo kujaza ndoo ya lita kumi mpaka juu. Tikiti lililoshika joto likirundikwa kwenye ndoo, vipande vya katikati vinakaa na uvuguvugu masaa mengi ndani ya friji, wewe unajua umehifadhi kumbe umetotolesha. Kifuniko kiweke. Friji iwe nyuzi 5 au chini. Likikaa hivyo liliwe ndani ya siku tatu, na kila ukilitoa toa kiasi cha kuliwa, usilete chombo kizima mezani kirudi kikitembea.

8. Umeamua kutupa: tupa kabisa.

Usiliache pembeni ya meza ukisubiri mtu wa kulibeba, watoto watapita. Hapa kwetu linaenda kwa ng'ombe au nguruwe, maganda na nyama, siku hiyo hiyo kabla halijaoza. Kisha osha sinia, kisu na ubao kwa sabuni na maji ya moto, maana lile maji jekundu lililobaki kwenye sinia ndilo litakaloingia kwenye tikiti jipya utakalokata.

Makosa ninayoyaona kila wiki

*Kuosha vipande.* Mtu anaviweka kwenye chujio anafungulia bomba. Bakteria hawajakaa juu tu kama vumbi, nyama ya tikiti ni kama sponji, wameshaingia na wamejishika. Na kama maji yenyewe ya bomba hayajachemshwa umeongeza mengine.

*Kukata ile sehemu ya juu iliyokauka.* Hii inafanya kazi kidogo kwa jibini gumu, haifanyi kazi kwa kitu chenye maji hivi. Pia kisu unachokatia kinabeba cha juu kukipeleka ndani, kosa lile lile la mwanzo.

*Kulitia friji ili "lipone".* Baridi inawalaza, haiwaui. Hili nalo lina hatari yake ya ziada, kwamba likishapoa linapendeza, mtu anayekuja baadaye hajui historia yake, anakuta tikiti la baridi tamu kwenye friji anafurahi.

*Kumwagia ndimu, chumvi na pilipili.* Tamu sana, nakubali, lakini ni kiungo siyo dawa. Ndimu mbili kwenye sinia la kilo nne hazilipi tikiti ukali wa kutosha kuzuia chochote.

*Kusaga juisi.* Hapa napandwa na hasira. Kuna wenzetu kwenye biashara, cha jana kinakuwa juisi ya leo. Ukisaga umechanganya kipande kibovu kimoja na kumi vizuri, na hautaona tena utelezi wala povu.

*Kulifunika halafu kujisahau.* Kawa au nailoni inazuia nzi na vumbi, na ni vizuri ufunike, lakini haipunguzi joto. Lililofunikwa lina saa ile ile.

Mfano wenyewe, wa nyumbani kwetu

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada, Desemba, hapa Moshi. Matikiti mawili makubwa, kila moja kama kilo sita. Mimi nilikuwa kwenye jiko la pilau, nikamwachia shemeji kazi ya matunda. Alikata saa 4 asubuhi wengine wakiwa kanisani, kwa kisu ambacho asubuhi ile ile kilikuwa kimegawa kuku, akakisuuza kwa maji akakifuta na kitambaa. Matikiti hayakuoshwa, yalipanguswa tu. Akapanga vizuri kwenye masinia matatu, akayaweka kwenye meza chini ya turubai, akafunika na kanga. Nikapita nikaona kanga, roho yangu ikatulia, sikuuliza.

Kanisani kulichelewa. Watu wamefika saa 7, hotuba, keki, zawadi, chakula kimefunguliwa saa 8 na nusu, tikiti lilianza kuliwa kama saa 9. Hesabu sasa: saa 4 mpaka saa 9 ni masaa matano, chini ya turubai, ambapo saa moja ndiyo ilikuwa mwisho. Yaani lilikuwa limeshapitwa saa 5 asubuhi, wageni bado wanaimba kanisani. Na friji ilikuwepo, imejaa soda. Soda! Ambayo ingekaa nje wiki nzima isifanywe kitu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu simu zikaanza. Wakubwa wawili, watoto watatu, kuharisha na kutapika na homa. Hatukupima chochote kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni tikiti, kulikuwa na vyakula vingi. Ila watoto wawili kati ya wale watatu hawakugusa pilau wala kuku, walikuwa wanazunguka masinia ya tikiti na chupa za soda mchana kutwa. Na muda wenyewe, kama masaa 12 na zaidi baada ya kula, pamoja na homa, inaendana na salmonela, ambaye mara nyingi anajitokeza kati ya masaa 6 na siku chache. Mmoja alitundikiwa dripu. Wote walipona, dada hakuniongelesha mpaka Krismasi.

Ningefanyaje? Matikiti yaoshwe mazima kwa brashi na maji yanayotiririka, yakaushwe, yabaki mazima kivulini. Kisu na ubao wa matunda peke yake, havijagusa kuku. Mtu mmoja wa kukata, aanze pale MC anapotangaza chakula, sinia moja moja, la pili likatwe la kwanza likikaribia kuisha. Tikiti la kilo sita unalimaliza kukata kwa dakika kumi, hakuna sababu ya kulikata saa 4. Na kama ni lazima kuwahi, basi soda zitoke kwenye friji ziende kwenye beseni la barafu, tikiti liingie.

Ikiwa hali yako haimo humo juu

*Nimeshakula, ndiyo nasoma sasa.* Usijitapishe, usinywe maziwa wala mkaa. Wengi hawataumwa kabisa. Kaa na maji karibu. Ukianza kutapika ndani ya masaa machache bila homa mara nyingi ni sumu iliyoachwa na bakteria wa mikononi, inaisha ndani ya siku moja. Ukiharisha, kunywa ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, na kama huna changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu visiwe na mlima. Mtoto anayeharisha apate na vidonge vya zinki kituo cha afya. Usikimbilie antibayotiki za kununua dirishani, nyingi hazisaidii hapo. Nenda hospitali bila kusubiri ukiona damu kwenye choo, homa kali, kila anachokunywa kinarudi, mtoto amelegea macho yameingia ndani au hajakojoa masaa mengi, au kuharisha kumepita siku tatu. Mjamzito akipata homa baada ya kula tikiti au meloni iliyokaa, aende siku hiyo hiyo na aseme alikula nini.

*Lilikuwa friji lakini umeme umekatika.* Friji isiyofunguliwa inashika baridi kama masaa manne. Umeme ukirudi ndani ya hapo na hukufungua fungua, liko sawa. Umekatika tangu usiku wakati umelala na hujui saa ngapi, hesabu kama hujui saa ya kisu.

*Halikukatwa, limepasuka lenyewe kwenye gari.* Ufa ni sawa na kisu, tena kisu kichafu. Kama limepasuka mbele yako sasa hivi, kata upande mzima wenye ufa kwa upana, kula lililobaki muda huo. Kama ulilinunua likiwa na ufa kwa bei ya kutupa, ndiyo maana yake.

*Ni nusu tikiti, halijakatwa vipande, limekaa limefunuliwa upande wa nyama.* Saa ni ile ile. Uso uliokatwa ni mdogo kuliko wa vipande kwa hiyo hatari inapungua kiasi, lakini siwezi kukupa masaa ya ziada kwa hilo, na kukwangua ule uso wa juu hakurudishi muda.

*Lilikuwa kwenye deli la barafu.* Barafu bado ipo na vipande ukigusa ni baridi kweli, huo muda usiuhesabu. Barafu imekuwa maji na vipande vinaelea, anza kuhesabu tangu ulipoona barafu mara ya mwisho, na kama maji hayo ya barafu yameingia kwenye vipande tupa, barafu nyingi za mtaani hazijatengenezwa kwa maji ya kunywa.

*Nanunua kwa muuzaji barabarani, nitajuaje?* Mwambie akukatie kutoka zima mbele yako. Akisema "hivi ni vya sasa hivi" angalia chini ya sinia, tikiti lililokaa linaacha dimbwi jekundu, na kingo za vipande zinaanza kuwa kama glasi, zinang'aa na kulegea. Mimi mteja akiniambia nikate jipya sinuni, namkatia, ila lile tikiti nimelifungua kwa ajili yake kwa hiyo asichukue kipande kimoja cha mia mbili akaondoka.